Kusoma Saa za Mauzo Kutoka Kumbukumbu za Kaunta na Kuzipangia Zamu

Duka linapofungwa usiku, keshia huitoa ripoti ya Z kwenye mashine ya EFD, msimamizi huibana pamoja na fedha za siku, na kesho yake mhasibu huichukua. Karatasi hiyo hutosha kwa hesabu za kodi, lakini haitoshi kupanga zamu. Huonyesha jumla ya siku, kodi iliyokatwa na idadi ya risiti, na haisemi lolote kuhusu saa ambazo risiti hizo zilitolewa. Meneja aliyehifadhi ripoti za Z za mwaka mzima bado hajui kama watu wake walizidiwa saa mbili asubuhi au saa kumi na moja jioni. Anachohitaji ni kumbukumbu ya kila risiti moja moja: tarehe, saa, kaunta iliyoitoa, mistari ya bidhaa na jumla ya fedha. Kumbukumbu hiyo imo ndani ya programu ya mauzo, na programu nyingi huweza kuitoa kama faili ya CSV ambayo Excel huifungua.

Ili maelezo yasielee hewani, tuchukue duka la mfano lililo karibu na kituo cha daladala jijini Dar es Salaam. Hufunguliwa 7:00, yaani saa moja asubuhi, na kufungwa 22:00, saa nne usiku. Lina kaunta tatu za malipo na makeshia wanne kwa siku: wawili huingia 7:00 na kutoka 16:00, na wawili wengine huingia 13:00 na kutoka 22:00, kila mmoja akiwa na saa moja ya mapumziko. Nitaandika saa kama mashine inavyoziandika, kwa sababu kuchanganya mtindo wa mashine na wa mazungumzo ni chanzo kizuri cha makosa: jedwali la zamu lililobandikwa ukutani likisema "saa 11", lazima isomeke waziwazi kama ni 11:00 au ni 17:00.

Kabla ya kuhesabu chochote, safu ya muda yenyewe ikaguliwe. Programu nyingi zinazohifadhi data mtandaoni hutunza muda kwa UTC, yaani saa za marejeo za dunia nzima, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kosa hili huonekana haraka kwa anayejua duka lake: ripoti inaonyesha mauzo saa 04:00 wakati milango imefungwa, na haionyeshi chochote baada ya 19:00 wakati duka limejaa. Dawa yake ni kuongeza saa tatu katika safu mpya kwa `=B2+3/24`, B2 ikiwa seli yenye muda wa risiti ya kwanza, na fomula zitakazofuata zisome safu hiyo mpya badala ya B. Kosa la pili ni gumu zaidi kuliona. Baadhi ya mifumo ina safu mbili za muda, moja ikionyesha risiti ilipotolewa na nyingine ilipofika kwenye seva. Mtandao ukikatika asubuhi na kurudi mchana, safu ya pili huonyesha kana kwamba wateja wote wa asubuhi waliingia dukani kwa dakika mbili za mchana. Umeme ukikatika mambo hufanana na hayo, kwa sababu mauzo huandikwa kwenye daftari kwanza kisha huingizwa yote kwa mpigo. Alama ya kutafuta ni risiti nyingi za kaunta moja zilizopishana kwa sekunde chache tu, baada ya pengo refu lisilo na risiti. Siku ya namna hiyo iondolewe kwenye hesabu badala ya kurekebishwa kwa kukisia. Risiti zilizofutwa nazo zisichanganywe na mauzo, ingawa keshia alitumia muda kuzishughulikia. Zikiwa nyingi katika saa fulani, hilo ni jambo la kuulizia peke yake.

Data ikishakuwa safi, kila risiti hupewa siku ya wiki kwa `=WEEKDAY(B2,2)`, ambapo Jumatatu ni 1 na Jumapili ni 7, na hupewa nusu saa yake kwa fomula hii, ambamo 0.0001 huizuia risiti ya saa kamili kuangukia nusu saa iliyotangulia:

```
=INT(MOD(B2,1)*48+0.0001)/48
```

Nusu saa inafaa kuliko saa nzima. Katika duka letu, Ijumaa kati ya 7:00 na 8:00 hutoka risiti 52, na ukizitazama kwa saa nzima utadhani kazi imetawanyika sawasawa. Kumbe nusu saa ya kwanza ina risiti 17 na ya pili ina 35, kwa kuwa wafanyakazi na wanafunzi hupitia mkate na maziwa wakielekea kituoni. Kaunta moja huimudu nusu saa ya kwanza bila taabu na kuzidiwa katika ya pili, na wastani wa saa nzima huficha yote mawili. Ukishuka hadi dakika kumi na tano, namba huwa ndogo mno na kuanza kurukaruka bila maana.

Jedwali lipangwe tarehe zikishuka chini na nusu saa zikienda kulia, siku moja ya wiki kwa jedwali moja. Kwa wiki nane kutakuwa na safu mlalo nane za Ijumaa. Kishawishi ni kuiachia PivotTable, jedwali la muhtasari la Excel, ikokotoe wastani moja kwa moja, lakini wastani wake hugawanya kwa siku zilizokuwa na risiti tu. Nusu saa ambayo Ijumaa tatu haikuwa na mteja yeyote itaonekana na shughuli kuliko ilivyo. Tena wastani huvutwa na siku moja ya ajabu. Tuseme kati ya 10:00 na 11:00 Ijumaa saba zilikuwa na risiti 22 hadi 27, na ya nane, iliyoangukia mkesha wa sikukuu, ilikuwa na 61. Wastani unakuwa 29, kiwango ambacho hakikufikiwa katika Ijumaa yoyote ya kawaida. Thamani ya katikati, inayotolewa na `=MEDIAN`, inabaki kati ya 24 na 25, na hiyo ndiyo Ijumaa halisi ya duka hili.

Sasa tufike mahali ambapo ripoti nyingi hupotea. Programu za mauzo zenye ripoti ya saa mara nyingi huanza kwa shilingi, na msomaji huona saa yenye fedha nyingi akadhani ndiyo yenye kazi nyingi. Tulinganishe saa mbili za Ijumaa. Kati ya 7:00 na 8:00 kuna risiti 52 za wastani wa shilingi 3,500, jumla shilingi 182,000. Kati ya 11:00 na 12:00 kuna risiti 20 za wastani wa shilingi 21,000, kwa kuwa huo ndio wakati wa mama lishe na wenye vioski kununua kwa wingi. Jumla yake ni shilingi 420,000. Kwa shilingi, saa ya pili inaizidi ya kwanza zaidi ya mara mbili. Kwa idadi ya risiti, ya kwanza inaizidi ya pili zaidi ya mara mbili. Vipimo vyote viwili vinapotosha, kwa sababu zamu hupangwa kwa muda ambao mikono ya keshia inashughulika.

Muda huo una sehemu mbili. Ipo sehemu isiyotegemea ukubwa wa kapu: kumsalimia mteja, kumtajia jumla, kupokea fedha na kutafuta chenji, au kusubiri ujumbe wa malipo ya simu uingie, kisha kutoa risiti. Na ipo sehemu inayokua kwa kila bidhaa inayopitishwa. Kuzipima hakuhitaji kifaa zaidi ya saa ya simu na mtu wa kusimama pembeni kwa muda, akiandika sekunde na idadi ya bidhaa za wateja thelathini hivi, wenye makapu madogo na makubwa. Tuseme duka letu limepata sekunde 45 kwa kila mteja na sekunde 4 kwa kila mstari wa risiti. Nasema mstari, si kipande, kwa sababu keshia akiuza chupa 12 za maji huskani moja na kuandika 12; kuhesabu vipande kungemfanya mnunuzi wa katoni aonekane mzigo mkubwa kuliko alivyo.

Asubuhi risiti ina wastani wa mistari 3, hivyo kila mteja huchukua sekunde 57, na wateja 52 huchukua sekunde 2,964, yaani takriban dakika 49. Karibu na adhuhuri risiti ina mistari 18, kila mteja huchukua sekunde 117, na wateja 20 huchukua dakika 39. Kumbe saa hizi mbili, ambazo kwa shilingi na kwa risiti zilionekana kutofautiana sana, zinatofautiana kwa dakika kumi tu za kazi. Hesabu hii haina ugumu wowote, na ndiyo ninayoiona kuwa moyo wa ripoti yote. Safu ya shilingi ningeiacha pembeni kwa matumizi ya mhasibu.

Dakika 49 za kazi ndani ya saa moja hazimaanishi kwamba kaunta moja inatosha kwa kuwa imebaki na dakika 11. Wateja hawaji kwa kupokezana. Huja kwa mafungu, daladala inaposhusha abiria, na dakika ambazo keshia alikaa bure kabla ya fungu hilo haziwezi kuwekwa akiba. Mhandisi wa Denmark, Agner Krarup Erlang, alianza kuchapisha hesabu za namna hii mwaka 1909 akizitumia kwa simu za Copenhagen, na wataalamu wa foleni wameziendeleza tangu hapo. Kwa kaunta moja ambayo wateja huifikia bila mpangilio na muda wa kuwahudumia hutofautiana sana, kukiwa na kazi kwa asilimia 80 ya muda, mteja husubiri kwa wastani mara nne ya muda wa kuhudumiwa. Kazi ikifika asilimia 90, husubiri mara tisa. Dukani hali huwa nafuu kidogo, kwa kuwa wateja huhamia kaunta yenye foleni fupi, lakini umbo la hatari ni lile lile: nyongeza ndogo ya mwisho ndiyo inayozaa foleni ndefu. Kwa hiyo busara ni kuihesabia kila kaunta dakika 48 za kazi kwa saa, au 24 kwa nusu saa, na kugawa kwa hizo. Ile nusu saa ya 7:30 ina wateja 35 wa sekunde 57, yaani dakika 33 za kazi. Ukigawa kwa 24 unapata 1.4, hivyo kaunta mbili. Nusu saa iliyoitangulia ina dakika 16, hivyo kaunta moja yatosha.

Twende jioni. Hapa kumbukumbu za kaunta huonyesha udhaifu wao mkubwa, nao ni kwamba zinarekodi waliohudumiwa, si waliokuja. Ijumaa jioni duka letu lina kaunta mbili zenye makeshia. Ripoti inaonyesha risiti 70 kati ya 16:00 na 17:00, kisha 86, kisha 87, kisha 85 kati ya 19:00 na 20:00, halafu zinashuka. Meneja asiye na shaka atasema kwamba jioni ina shughuli za kiasi, na kwamba zimetulia kwa saa tatu. Utulivu huo ndio wa kutiliwa shaka. Wateja wa jioni wana mistari 9 kwa wastani, hivyo kila mmoja huchukua sekunde 81, na kaunta moja isiyopumzika hata kidogo huweza kuhudumia watu 44 kwa saa. Kaunta mbili ni 88. Namba 86, 87 na 85 si picha ya wateja. Ni picha ya dari ya kaunta. Mstari ulionyooka kama huo katika saa ambazo duka linajulikana kujaa unasema kwamba watu wangekuwa zaidi kama mashine zingekuwa zaidi.

Kuna njia ya kuthibitisha bila kusimama mlangoni. Panga risiti za kaunta moja kwa mfuatano na utazame muda kati ya risiti moja na inayofuata. Penye nafasi, mapengo hayo hutofautiana sana: sekunde 50, kisha dakika nne, kisha dakika moja na nusu. Penye foleni, hukaribiana na muda wa huduma wenyewe na mapengo marefu hutoweka, kwa sababu daima kuna mtu anayesubiri. Kinachobaki kisichojulikana ni foleni ilikuwa na urefu gani na wangapi waliacha kapu wakaondoka. Hilo haliko katika rekodi yoyote, na hakuna fomula ya kulitoa humo.

Njia ya uhakika ni kufungua kaunta ya tatu kwa Ijumaa mbili na kuona namba zinavyobadilika. Tuseme saa zile tatu zimebadilika kutoka 86, 87 na 85 kuwa 104, 98 na 64. Jumla imepanda kutoka 258 hadi 266 tu. Maana yake wateja waliokuwa wakipotea ni kama wanane kwa jioni moja; wengine wote hawakupotea, walicheleweshwa, na ile saa ya mwisho ilionekana na shughuli kwa sababu ilikuwa ikilipa deni la foleni ya saa zilizotangulia. Bila jaribio hili meneja angeweza kufungua kaunta tatu hadi 20:00. Baada ya jaribio hesabu ni nyingine: wateja 104 ni dakika 140 za kazi, ambazo zikigawanywa kwa 48 ni 2.9, wateja 98 ni 2.8, wateja 64 ni 1.8. Kaunta tatu zinahitajika kati ya 17:00 na 19:00, na mbili zinatosha baada ya hapo. Ijumaa mbili ni ushahidi mdogo, hivyo tofauti ya wateja wanane isichukuliwe kama namba ya kuapia. Lakini kushuka kwa saa ya mwisho kutoka 85 hadi 64 ni kukubwa kiasi cha kuaminika.

Baada ya kukokotoa saa zilizobaki kwa njia ile ile, mahitaji ya Ijumaa yanakuwa hivi: kaunta moja kuanzia 7:00, mbili kuanzia 7:30 hadi 9:00, moja hadi 14:00, mbili hadi 17:00, tatu hadi 19:00, mbili hadi 20:00, kisha moja hadi kufunga. Ratiba ya zamani inagongana na mahitaji haya mahali pabaya kabisa. Zamu zake mbili hupishana kati ya 13:00 na 16:00, na kwa saa hizo tatu makeshia wanne wamo dukani wakati kazi ni ya mmoja au wawili. Kisha wawili huondoka saa moja tu kabla ya wimbi la jioni.

Ratiba mpya lazima iheshimu sheria kabla ya kuheshimu jedwali. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha kawaida cha saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na mtu akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo anastahili mapumziko ya angalau dakika 60. Kati ya siku moja ya kazi na nyingine anastahili, kwa kawaida, saa 12 za kupumzika, jambo linalomaanisha kwamba aliyefunga duka 22:00 hapaswi kulifungua 7:00 kesho yake, desturi iliyozoeleka mno madukani. Kazi ya usiku, inayoanza kuhesabiwa 20:00, ina nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa.

Ndani ya mipaka hiyo, keshia wa kwanza abaki na 7:00 hadi 16:00, akipumzika 12:00. Wa pili, badala ya kuingia 7:00, aingie 11:00 na kutoka 20:00. Anamshika mwenzake mkono wakati wa mapumziko na kupumzika mwenyewe 14:00. Wa tatu aingie 12:00 na kutoka 21:00, akipumzika 15:00. Wa nne abaki na 13:00 hadi 22:00, apange rafu na kupokea mizigo hadi 16:00, apumzike, kisha 17:00 akae kaunta ya tatu kwa saa mbili, arudi kwenye rafu, na saa ya mwisho ashike kaunta peke yake. Ukifuata saa moja moja utaona kwamba kila mapumziko yana mtu wa kuyafunika, na hakuna anayefanya kazi zaidi ya saa tano bila kupumzika. Saa za kulipwa ni zile zile 32 za zamani. Pengo pekee ni kaunta ya pili kati ya 7:30 na 9:00, ambalo linazibwa na msimamizi wa zamu aliyekuwepo tangu ufunguzi, mradi awe na namba yake mwenyewe ya kuingilia kwenye mashine. Akitumia ya keshia, fedha zikipungua hakuna atakayejua pa kuanzia. Na kwa kuwa ni Ijumaa, mapumziko ya 12:00 yanaweza kusogezwa ili keshia anayekwenda kuswali apate muda wake, kwani kazi ya saa hizo ni ndogo.

Jedwali hili ni la Ijumaa za kawaida, na zipo Ijumaa zisizo za kawaida. Siku za mshahara hubadilisha ukubwa wa kapu kuliko zinavyobadilisha idadi ya watu, hivyo wiki hizo ziwekewe alama na kupimwa kwa mistari ya risiti. Ramadhani hubadilisha saa zenyewe: wimbi la jioni huja mapema kabla ya kufuturu, duka hukauka jua linapotua, kisha watu hurudi usiku. Mwezi huo hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, kwa hiyo anayelinganisha mwezi fulani wa mwaka huu na mwezi huo huo wa mwaka jana huweza kulinganisha vitu viwili tofauti. Anayelinganisha wiki ya pili ya Ramadhani na wiki ya pili ya Ramadhani iliyopita ana namba za kutumia, hata kama ni za wiki moja tu, na ni vyema zihifadhiwe kwenye jedwali lao wenyewe badala ya kumwagwa ndani ya wastani wa mwaka.